Jinsi ya kuhamisha klipu za kamera ya gari kwenda kwenye simu kwa waifai ya kamera yenyewe

Kamera nyingi za dashibodi zinazouzwa siku hizi zina waifai yake ndani. Ukiiwasha, kamera inajitangaza kama ruta ndogo, simu inajiunga nayo, na programu ya kamera inakuonyesha orodha ya klipu ili upakue unayoitaka. Kwenye boksi yote haya yameandikwa kama kazi ya dakika moja. Ndani ya gari, mtu ametoka kukwaruzwa, mikono inatetemeka, na programu inazungusha kiduara tu kisha inasema haijaiona kamera. Wengi huishia kuamini kamera ni mbovu. Mara nyingi kamera ni nzima kabisa. Simu ndiyo imeukimbia mtandao wa kamera kwa sababu mtandao huo hauna intaneti. Ukilielewa hilo, karibu kila kitu kingine kinanyooka, kwa hiyo nitalikalia zaidi kuliko mengine.

Tuchukue tukio moja tulifuate mpaka mwisho. Gari liko kwenye foleni, dereva anawasha indiketa ili ahamie upande wa kulia, pikipiki inakuja kwa kasi kutoka nyuma, inagonga kioo cha pembeni na kutokomea. Kamera ni ya mbele tu, inarekodi picha za 1080p, na imepangwa kukata klipu za dakika 3. Kadi yake ni ya GB 32. Dereva anahitaji sekunde chache kabla ya kugongwa na sekunde chache baada yake, kwa ubora uleule uliorekodiwa, ili namba ya pikipiki isomeke.

Kabla ya waifai: zuia klipu isifutwe

Kamera ya gari hurekodi kwa mzunguko. Kadi ikijaa, inafuta klipu ya zamani kuliko zote na kuandika mpya mahali pake, bila kukuuliza. Kamera ya 1080p inayorekodi megabiti 15 kwa sekunde hula kama megabaiti 112 kwa dakika. Kadi ya GB 32 kwa kasi hiyo inajaa ndani ya saa nne na nusu hivi, na kama una kamera mbili, ya mbele na ya nyuma, zinazorekodi kwa kiwango hichohicho, ni saa mbili na robo tu. Mtu anayegongwa asubuhi akaendelea na mizunguko yake mpaka jioni anaweza kufungua kadi na kukuta tukio lake halipo tena.

Kamera ina kihisi cha mtikisiko ambacho, gari likigongwa, huifungia klipu inayorekodiwa wakati huo isifutwe. Pia kuna kitufe cha kufungia kwa mkono, mara nyingi kina alama ya kufuli au ya mshangao. Bonyeza hicho kitufe mara tu gari likishasimama salama, hata kama unadhani kihisi kimeshafanya kazi, maana pikipiki kugusa kioo cha pembeni si mtikisiko mkubwa.

Lakini usitulie hapo. Kamera nyingi hufungia klipu moja tu, ile inayoandikwa sekunde hiyo. Katika tukio letu pikipiki iligonga sekunde 6 tu baada ya klipu mpya kuanza. Klipu iliyofungiwa inaonyesha mgongano, sawa. Ila indiketa ikilia, gari likiwa limetulia katika njia yake na foleni ikiwa imesimama mbele, vyote viko kwenye klipu iliyotangulia, na hiyo haikufungiwa. Ukiambiwa ulikatisha bila kuonyesha ishara, klipu ya pili haitakusaidia. Ya kwanza ndiyo utetezi wako, na ndiyo inayosubiri kufutwa.

Kwa hiyo kama huwezi kupakua papo hapo na bado una safari ndefu, simamisha kurekodi, au chomoa waya wa umeme wa kamera, uendelee na safari bila kurekodi. Ukiwa na kadi ya akiba ni bora zaidi: zima kamera, subiri taa yake izimike kabisa ili ifunge faili vizuri, toa kadi yenye tukio, weka ya akiba.

Andaa simu ukiwa bado na intaneti

Programu ya kamera inapakuliwa kabla, si ukiwa umeshaunganishwa na kamera, kwa kuwa kamera haina intaneti ya kukupa. Jina la programu limeandikwa kwenye kijitabu cha kamera, na mara nyingi kuna alama ya kuskani kwenye boksi. Ifungue mara moja ukiwa nyumbani. Baadhi ya programu hudai ufungue akaunti au ukubali masharti mara ya kwanza, na hilo haliwezekani ukishakuwa kwenye mtandao wa kamera.

Ruhusa ni jambo la kuwa makini nalo. Kwenye iPhone, kuanzia iOS 14, programu itaomba kutafuta vifaa kwenye mtandao wako wa ndani. Watu wengi hukataa kwa mazoea, na wakishakataa programu haitaiona kamera kamwe na wala haitasema kwa nini. Kama ulishakataa, nenda kwenye mipangilio, sehemu ya `Privacy & Security`, kisha `Local Network`, uwashe kitufe cha programu hiyo. Kwenye Android ruhusa inayohusika ni ya mahali, na kuanzia Android 13 ni ya vifaa vilivyo karibu. Inashangaza kamera kutaka kujua mahali ulipo, lakini kwenye Android orodha ya mitandao ya waifai huhesabiwa kuwa taarifa inayoweza kufichua ulipo, ndiyo maana ruhusa hizo zimefungamana. Ukimaliza kupakua unaweza kuiondoa.

Angalia pia nafasi kwenye simu. Klipu moja ya dakika 3 katika mfano wetu ni megabaiti 340 hivi. Mbili ni karibu 680. Acha walau mara mbili ya hapo, kwa sababu programu nyingi huweka nakala moja ndani yake na nyingine kwenye galari.

Umeme wa kamera

Kamera inatakiwa iwe na umeme muda wote wa kupakua. Kwenye magari mengi, ukizima gari kabisa kamera nayo inazima. Geuza swichi kwenye hatua ile ya kuwasha redio bila kuwasha injini, na kazi ya dakika tano haitamaliza betri ya gari lenye betri nzima. Ukiamua kuacha injini inawaka, iwe sehemu ya wazi. Usifanye hivyo ndani ya gereji iliyofungwa, kwa sababu moshi wa injini una gesi ya kaboni monoksaidi isiyo na harufu na inaua.

Jambo jingine dogo linalosumbua wengi: usiwashe injini katikati ya upakuaji. Starta ikivuta umeme, kamera nyingi huzimika na kuwaka upya, waifai inakatika, na faili linabaki nusu. Kama unataka kutulia mbali na gari, kamera zinazotumia waya wa USB wa volti 5 kwa kawaida hufanya kazi vizuri kwa pawabenki. Unaibandua kamera kwenye kioo na kukaa nayo mezani. Kamera yenye waya uliofichwa ndani ya dari na kuunganishwa moja kwa moja na fyuzi, iache kama fundi alivyoifunga na ufanyie kazi ndani ya gari.

Washa waifai ya kamera

Kwenye kamera yenye skrini, waifai iko ndani ya menyu. Kwenye isiyo na skrini, unabonyeza kitufe fulani kwa sekunde kadhaa mpaka taa ianze kumetameta au sauti itamke kuwa waifai imewaka. Jina la mtandao huwa ni aina ya kamera likifuatiwa na herufi na tarakimu, na nenosiri la kiwandani limo kwenye kijitabu au kwenye skrini. Kamera nyingi sana hutoka kiwandani na nenosiri la `12345678`. Ukilikuta lako ni hilo, libadilishe baadaye, maana yeyote aliyeegesha karibu nawe anaweza kuingia na kutazama unakopita.

Zingatia kwamba kamera nyingi huacha kurekodi mara waifai inapotumika kuvinjari klipu. Chipu yake ni ndogo, haiwezi kuandika video na kuigawa kwa wakati mmoja. Ndiyo sababu kazi hii haifanywi gari likiwa linatembea, hata kama anayeshika simu ni abiria. Kwetu sisi leo kusimama huko ni faida: maadamu kamera hairekodi, hakuna klipu inayofutwa.

Kama kamera inakupa chaguo kati ya gigahezi 2.4 na gigahezi 5, chagua 5. Mtandao wa 2.4 unafika mbali zaidi lakini una msongamano na ni wa taratibu. Kwa mtu aliyekaa kiti cha dereva, sentimita chache kutoka kwenye kamera, umbali hauna kazi. Rudi kwenye 2.4 tu ikiwa simu yako ni ya zamani na haiuoni mtandao wa 5. Hii 5 haihusiani na 5G ya kampuni za simu, ingawa baadhi ya kamera huandika "5G" mwishoni mwa jina la mtandao.

Jiunge, kisha uizuie simu isikimbie

Nenda kwenye mipangilio ya waifai ya simu, chagua jina la kamera, weka nenosiri. Simu itaunganishwa, na baada ya sekunde chache itafanya kile inachofanya kwenye kila mtandao mpya: itajaribu kufika intaneti. Haitafika. Kamera haina laini ya simu wala waya wa kwenda popote, ina kadi ya memori tu na video zako.

Hapo simu hufanya moja kati ya mambo matatu. Ya kwanza, inakuuliza kama unataka kubaki kwenye mtandao usio na intaneti. Jibu ndiyo, na kama kuna kisanduku cha kutokuulizwa tena, kiweke tiki. Ya pili, inaachana na mtandao wa kamera kimyakimya na kurudi kwenye waifai ya nyumbani iliyo jirani. Ya tatu ndiyo yenye kupotosha kuliko zote: alama ya waifai inabaki juu ya skrini, lakini mawasiliano yote ya programu yanapitia data za simu. Programu inaitafuta kamera kwenye mtandao wa kampuni ya simu, ambako kamera haipo, na inakwambia haijaunganishwa. Wewe unatazama alama ya waifai na kuapa kuwa umeunganishwa. Nyote wawili mko sahihi.

Dawa ni moja. Zima data za simu kabla ya kufungua programu. Kwenye Android unaburuta pazia la juu na kugusa alama ya data. Kwenye iPhone ni hivyohivyo kupitia paneli ya haraka. Njia ya mkato ninayoipenda ni kuwasha hali ya ndegeni kisha kuwasha waifai peke yake, kwa kuwa inazuia pia simu kuingia katikati ya upakuaji. Kama unasubiri simu ya bima au ya polisi, usitumie hiyo; zima data tu.

Ukishazima data na bado kamera haionekani, kuna wakimbizaji wengine watatu wa kuangalia. VPN ni wa kwanza: ikiwa imewashwa, inajaribu kupitisha kila kitu kwenye njia yake ya mbali, na kamera iliyo mbele ya uso wako haifikiki. Izime. Wa pili ni kipengele cha iPhone kiitwacho `Wi-Fi Assist`, kilicho chini kabisa ya ukurasa wa data za simu kwenye mipangilio, ambacho kazi yake ni kuhamia data pale waifai inapoonekana dhaifu. Wa tatu ni redio ya gari lenyewe. Ikiwa unatumia CarPlay au Android Auto isiyo na waya, simu inazungumza na redio kwa waifai. Ukijiunga na kamera, redio inapotea. Redio ikiirudisha simu, kamera inapotea. Vitavutana hivyo mpaka ukate tamaa. Zima bluetuthi ya simu, ambayo ndiyo inayoanzisha uhusiano huo, au itenganishe simu na redio kupitia menyu ya redio.

Unawezaje kujua kwa hakika kama tatizo ni mtandao au ni programu? Jaribu kwa kivinjari. Kamera nyingi zenye chipu ya Novatek hutumia anwani hii:

```
http://192.168.1.254
```

Iandike yote kwenye sehemu ya anwani, ikiwa na `http` isiyo na `s`. Kama yako ni ya aina nyingine, fungua maelezo ya mtandao uliojiunga nao kwenye mipangilio ya waifai na usome anwani iliyoandikwa mbele ya ruta au lango. Kwenye mtandao wa kamera, ruta ni kamera yenyewe. Kukitokea ukurasa wenye folda, au hata ujumbe mfupi usioeleweka, basi simu na kamera zinaonana na tatizo ni programu: ifunge kabisa, iangalie ruhusa zake, ifungue tena. Kukiwa kimya mpaka kivinjari kikate tamaa, tatizo bado ni njia, rudi kwenye data, VPN na redio. Na zile kamera zinazoonyesha folda kwenye kivinjari zinakupa zawadi ya ziada, kwa sababu unaweza kupakua klipu kutoka hapohapo bila programu yoyote.

Pia hakikisha hakuna simu nyingine iliyoshika kamera. Kamera nyingi hukubali simu moja tu kwa wakati mmoja, na ya mwenzako aliyewahi kujiunga inaweza kuwa imejiunga yenyewe ikiwa mfukoni mwake.

Tafuta klipu sahihi

Programu itakugawia klipu katika mafungu, kwa kawaida za kawaida peke yake na zilizofungiwa peke yake. Jina la faili hubeba tarehe na saa. Kwenye kamera ya mfano wetu tunakuta hivi:

```
2025_0312_174005_0211F.MP4
2025_0312_174305_0212F.MP4
```

Ni tarehe 12 Machi 2025. Faili la kwanza linaanza 17:40:05, la pili 17:43:05. Tarakimu nne zinazofuata ni namba ya mfululizo, na herufi F ni kamera ya mbele. Ya nyuma huwa R. Kamera za aina nyingine hupanga tarakimu hizo tofauti kidogo, ila kanuni ni hiyohiyo.

Saa ya kamera ni ya mfumo wa saa 24, kwa hiyo shahidi akisema ilikuwa saa kumi na moja na dakika arobaini na saba jioni, wewe tafuta 17:47. Dereva wetu alitafuta 17:47 na hakuona kitu zaidi ya foleni. Hapo ndipo unapogundua kuwa saa ya kamera haiendi sawa. Ilinganishe sasa hivi: tazama saa inayoonyeshwa kwenye picha ya moja kwa moja ya programu, kisha saa ya simu. Kamera ilikuwa nyuma kwa dakika 4, kwa hiyo tukio la 17:47 liko kwenye 17:43 ya kamera. Andika tofauti hiyo mahali, na piga picha ya skrini za vyote viwili zikiwa pamoja kama una simu nyingine, kwa sababu mtu wa bima ataiuliza. Usirekebishe saa kabla hujaiandika. Tofauti ikiwa ni saa kamili, sio dakika, kisababishi ni majira ya eneo: kamera yenye GPS huchukua saa kutoka kwenye setilaiti na kuongeza au kupunguza kulingana na majira uliyochagua kwenye menyu.

Klipu ya 17:43:05 utaikuta kwenye fungu la zilizofungiwa. Ya 17:40:05 iko kwenye za kawaida. Wengi hufungua fungu la kwanza, wakapakua, wakaondoka. Pakua zote mbili, na kama nafasi ipo ongeza inayofuata, ili ionekane gari lilisimama na dereva alishuka.

Pakua, usitazame tu

Ukigusa klipu, programu nyingi huanza kuicheza. Hicho unachokiona mara nyingi si faili lenyewe. Kamera hutuma nakala hafifu iliyopunguzwa ili ichezwe bila kukwama. Anayerekodi skrini ya simu wakati huo anabaki na video ambayo namba za magari hazisomeki, halafu anailaumu kamera. Gusa alama ya kupakua, mshale unaoelekea chini, na programu ikikuuliza ubora, chagua faili halisi.

Muda wa kusubiri unategemea ukubwa na mtandao. Kwenye gigahezi 2.4, kasi ya megabaiti 2 na nusu kwa sekunde ni ya kawaida, na kwa kasi hiyo klipu yetu ya megabaiti 340 inachukua dakika mbili na robo hivi. Zote mbili ni dakika nne na nusu. Kamera ya 4K inayorekodi megabiti 50 kwa sekunde itakupa faili la zaidi ya gigabaiti moja kwa dakika 3, na hapo ndipo mtandao wa 5 unapojilipa: kwa megabaiti 10 kwa sekunde faili hilo linakuja chini ya dakika mbili, badala ya saba na nusu.

Wakati huo acha skrini iwe inawaka na programu iwe mbele. Simu ikilala, hasa ikiwa kwenye hali ya kubana betri, husimamisha kazi za nyuma na waifai ya kamera nayo hujizima baada ya dakika chache za ukimya. Iweke simu karibu na kamera, si mfukoni wala chini ya kiti. Pakua moja moja; kuzichagua kumi kwa pamoja kunaonekana kuokoa muda, ila ya tatu ikikatika mara nyingi hujui ni zipi zimefika nzima.

Hakikisha kabla hujakata waifai

Kupakua hakujaisha mpaka umeiona klipu nje ya programu. Programu nyingi huhifadhi faili kwenye chumba chake cha ndani, na ukiifuta programu, klipu inaondoka nayo. Tafuta kitufe cha kuhifadhi kwenye galari, kisha fungua galari yenyewe.

Icheze mpaka sekunde ya mwisho. Klipu iliyokatika njiani ama haifunguki kabisa ama inaganda katikati. Tazama urefu, uwe dakika 3 kama ulivyopanga, na tazama ukubwa wa picha kwenye maelezo ya faili: 1920 kwa 1080 kwa kamera ya 1080p. Ukiona 640 kwa 360 au 848 kwa 480, umepakua ile nakala hafifu. Faili likiwa zima lakini simu inaonyesha weusi na sauti tu, huenda kamera inarekodi kwa H.265, mfumo mpya zaidi wa kubana video, na simu ni ya zamani, na likiwa na mkia wa `.TS` galari inaweza isilitambue. Katika hali zote mbili jaribu kulifungua kwa programu ya kuchezea video ya VLC kabla hujaamua limeharibika.

Ikiwa faili halifunguki hata baada ya kulipakua mara ya pili, acha waifai. Zima kamera, toa kadi, na uisome kwa kisoma kadi kinachochomekwa kwenye simu au kompyuta. Ni njia ya haraka zaidi kwa klipu nyingi, na kwa klipu za safari nzima mimi nisingehangaika na waifai hata kidogo. Simu au kompyuta ikikuomba kufomati kadi, kataa.

Rudisha kila kitu mahali pake

Zima waifai kwenye kamera, na uitazame mpaka taa ya kurekodi au alama nyekundu irudi. Baadhi ya kamera hazianzi kurekodi zenyewe baada ya waifai kuzimwa. Zinasubiri ubonyeze kitufe, na unaweza kuendesha wiki nzima ukiamini unarekodiwa. Rudisha data, VPN na bluetuthi. Kisha, kwenye mipangilio ya waifai ya simu, ondoa kujiunga kiotomatiki na mtandao wa kamera. Usipofanya hivyo, siku waifai ya kamera ikiwashwa kwa bahati mbaya simu itajishika nayo na ramani itakosa intaneti ukiwa katikati ya njia.

Unapoituma klipu kwa bima au kwa polisi, usiitume WhatsApp kama video ya kawaida, kwa sababu itabanwa na namba ya pikipiki itageuka ukungu. Iambatishe kama hati. Kwa njia hiyo faili huenda kama lilivyo, na kiwango cha mwisho ni gigabaiti 2, kinachotosha klipu hizi. Usiikate wala kuibadilisha jina. Ukitaka kumwonyesha mtu sekunde kumi tu, kata nakala, na lile faili halisi lenye jina lake la kamera liache vilevile. Klipu ya 17:40:05 iliyo kwenye kadi bado haijafungiwa, kwa hiyo ifungie kupitia programu kama inaruhusu, au itoe kadi nzima uiweke kando mpaka shauri liishe.